Intaneti Ikikwama, Anza na Ruta

Simu za video zilikuwa zikikatika kila jioni nyumbani kwangu. Nikafungua madirisha mawili ya amri kwenye Windows, kila moja na amri yake:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Anwani ya kwanza ni ya ruta yangu. Yako utaiona ukiandika `ipconfig`, penye `Default Gateway`. Ya pili iko nje, kwenye intaneti.

Ruta ilijibu kwa milisekunde 2, kisha 180, kisha 5, na pakiti 7 kati ya 100 zikapotea. Safari hiyo haitoki nje ya nyumba, kwa hiyo laini haihusiki. Kuyumba kwa namna hiyo ni dalili ya waifai.

Nikachomeka kebo, nikapima tena. Ruta ikajibu chini ya milisekunde 1 kila mara, na majibu ya nje yakatulia.

Kama kwa kebo ruta inajibu vizuri lakini pakiti za nje zinapotea, na hakuna anayepakua kitu, kosa liko kwenye laini au mbele yake. Hapo ndipo umpigie mtoa huduma, ukiwa na vipimo vya kebo mkononi.