Risiti Isemayo "Mali Ikishauzwa Hairudishwi"

Maneno hayo hupatikana chini ya risiti nyingi za maduka ya vifaa vya umeme, Meru kama Embu. Mengine hubandikwa ukutani nyuma ya keshia kwa herufi kubwa. Mnunuzi ambaye friji yake imekataa kugandisha huyasoma, akavunjika moyo, akaenda kutafuta fundi wa kumlipa kwa pesa zake. Wengi huamini kwamba sentensi hiyo ni sheria. Kwa mtumiaji wa kawaida, sentensi hiyo haina nguvu yoyote mahakamani. Kinachomnyima mnunuzi pesa zake mara nyingi ni siku anazoziacha zipite baada ya kugundua kasoro.

Nianze na sheria yenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa imekuwepo Kenya tangu 1931. Inasema kwamba anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hizo zina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Friji isiyopoza haina ubora huo. Muuzaji hawezi kujitetea kwa kusema aliipokea ikiwa imefungwa katika katoni na hakujua kasoro yake. Ahadi hiyo haitegemei uaminifu wake wala uzembe wake, bali hali ya kitu alichouza.

Tatizo la sheria hiyo ya zamani ni kwamba iliwaruhusu wenye mkataba kuifuta ahadi hiyo kwa makubaliano yao, na hapo ndipo sentensi za risiti zilipopata mwanya. Mwanya huo ulizibwa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kifungu chake cha 5 kinasema kwamba sharti lolote linalojaribu kuondoa au kupunguza ahadi zilizomo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili, liwe ndani ya mkataba au nje yake. Sehemu nyingine za mkataba hubaki. Kwa hiyo unaweza kuitia sahihi risiti yenye maneno hayo na bado haki yako ikawa palepale. Tena sheria hiyohiyo inahesabu kuwa ni udanganyifu kumweleza mtumiaji habari za uongo kuhusu haki alizo nazo katika ununuzi. Kwa maoni yangu, duka linalomwambia mnunuzi wa friji mbovu kwamba hana haki ya kurudishiwa chochote limeshaingia katika eneo hilo.

Sasa tuchukue mfano, ambao nimeutunga lakini unafanana na mambo yanayotokea. Mama mmoja wa Nkubu ananunua friji mjini Meru kwa shilingi 46,000. Analipa shilingi 1,500 za pikapu kuifikisha nyumbani. Dukani waliichomeka, taa ikawaka, akaridhika. Jaribio hilo halikumwonyesha kitu, maana taa huwaka hata kama mfumo wa kupoza umekufa, na friji mpya huhitaji saa kadhaa kabla ya kuonyesha kama inapoza ipasavyo. Sheria humzuia mnunuzi aliyeikagua bidhaa kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuifichua, kama mbonyeo mlangoni. Kasoro iliyojificha ndani ya mabomba haimo katika kizuizi hicho.

Siku ya tatu anaona maziwa yanachacha. Mashine inanguruma bila kupumzika, na sehemu ya kugandisha imeshika barafu kwenye kona moja tu. Anarudi dukani. "Mama, hiyo ni stima ya huko kwenu," anaambiwa. "Waranti haishughuliki na stima. Lakini tutapigia watu wa kampuni kule Nairobi, wewe rudi wiki ijayo."

Katika maneno hayo machache kuna mitego mitatu, na inafaa kila mmoja tuufungue taratibu.

Wa kwanza ni wa watu wa Nairobi. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi ya ziada, yenye masharti yake: pengine kompresa peke yake, pengine bila gharama ya kazi ya fundi. Mama yule akitaka kuitumia, ni hiari yake. Lakini mkataba wake wa ununuzi ni kati yake na duka lililopokea shilingi 46,000. Duka haliwezi kuuhamishia wajibu wake kwa mtu ambaye mama hajawahi kumwona. Aseme hivyo wazi: nilinunua kwako, nakudai wewe.

Mtego wa pili ni stima. Hapa muuzaji anaweza kuwa na hoja, kwa kuwa umeme wetu wa volti 240 hupanda na kushuka, na kupanda huko huunguza vifaa kweli. Swali ni la ushahidi. Umeme uliozidi huacha alama zake kwa kawaida: nyaya za ndani ya kompresa zilizoungua, au kibao cha kuongozea umeme kilichobabuka. Friji ya mfano wetu haikuungua. Kompresa inafanya kazi muda wote, na barafu imeshika sehemu moja tu ya mahali inapopaswa kuenea. Hizo ni dalili za gesi pungufu, na gesi hupungua kwa kuvuja, mara nyingi kwenye maungio ya mabomba. Umeme hautoboi bomba. Fundi anayeijua kazi yake ataandika hayo katika ukurasa mmoja: nambari ya friji, alichokiona, alichokipima, na kwamba hakuna alama ya kuungua. Ukurasa huo, pengine kwa shilingi 2,000, una uzito kuliko mabishano ya mwezi mzima kaunta.

Fundi huyo asiiguse zaidi ya kupima. Kosa linaloharibu kesi nyingi nzuri ni kumwita fundi wa mtaani "aongeze gesi". Akishakata bomba na kulichomelea upya, hakuna atakayeweza kusema uvujaji wa awali ulikuwa wapi, na duka litasema kasoro ni ya fundi wako. Zaidi ya hayo, friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, nayo hushika moto.

Baada ya ukurasa wa fundi unabaki mtego wa tatu: "rudi wiki ijayo". Sheria ya 1931 inampa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa na kurudishiwa pesa zote, lakini haki hiyo hupotea akishaikubali. Kukubali hakuhitaji maneno. Kukaa na friji kwa muda unaozidi wa kadiri bila kusema kwamba umeikataa ni kuikubali. Kuendelea kuitumia kama yako baada ya kuona kasoro kunaweza kuhesabiwa hivyohivyo. Sheria ya Kenya haikutaja idadi ya siku. Uingereza, ambako maneno haya yalitoka, mahakama iliamua mwaka 1987 kwamba mnunuzi wa gari jipya lililoharibika injini baada ya wiki tatu alikuwa ameshachelewa kulikataa. Wao baadaye waliandika sheria mpya, iliyoanza kutumika 2015, inayompa mtumiaji siku 30. Sisi bado tuko kwenye maneno ya zamani, na nadhani Bunge letu lingefanya vyema kutaja siku, kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kukadiria "muda wa kadiri" ambao hata mawakili huubishania.

Kwa hiyo mama yule asingoje wiki ijayo. Siku hiyohiyo aandike barua fupi yenye tarehe, nambari ya risiti na nambari ya friji, aeleze kasoro, kisha aandike waziwazi: "Naikataa friji hii na nadai nirudishiwe shilingi 46,000." Nakala moja aipeleke dukani igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokewa; wakikataa kuipokea, aipige picha na kuituma kwa WhatsApp kwenye nambari ya duka. Halazimiki kukodi pikapu tena kuirudisha. Sheria inasema inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa, kisha duka lije kuichukua. Aichomoe, asiitumie. Na kama anaona afadhali kuwapa nafasi ya kuitengeneza, aandike kwamba anakubali matengenezo kwa siku kadhaa alizozitaja bila kuacha haki yake ya kuikataa isipotengemaa.

Tuseme angegundua kasoro mwezi wa saba baada ya kununua. Hapo kurudishiwa pesa zote kungekuwa kugumu, lakini asingekuwa mikono mitupu. Angeweza kudai fidia ya tofauti kati ya thamani ya friji nzima na thamani ya ile aliyopewa, ambayo mara nyingi hukaribia gharama ya kuitengeneza. Muda wa kufungua kesi ya mkataba ni miaka sita.

Duka likinyamaza baada ya barua, mlango ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili, kanuni kali za ushahidi hazitumiki, na uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Aulizie katika sajili ya mahakama za Meru. Wa Embu aanzie sajili ya huko. Apeleke risiti, kadi ya waranti, barua, picha na ukurasa wa fundi.

Adai nini? Shilingi 46,000 za friji, 1,500 za pikapu, 2,000 za fundi, na thamani ya maziwa yaliyoharibika siku zile za mwanzo kabla hajajua. Nyama aliyoiweka humo wiki ya pili, akijua haipozi, hatalipwa, kwa kuwa sheria humtaka aliyedhurika asiongeze hasara yake. Kama alitaka friji ya kuuzia sharubati na anadai faida aliyoikosa, atalazimika kuonyesha kwamba muuzaji alilijua hilo wakati wa kununua. Hii ndiyo sababu nawaomba wasomaji: kabla ya kuondoka kaunta, mwambie muuzaji unainunulia kazi gani, na umwombe aandike kwenye risiti pamoja na nambari ya friji.

Wenye maduka nao wana la kuangalia. Duka linalorudisha pesa linaweza kumdai muuzaji wa jumla kwa ahadi ileile ya ubora iliyo katika sheria ya 1931. Lakini kati ya wafanyabiashara wawili, sharti la kuifuta ahadi hiyo linaweza kusimama. Kwa hiyo anayeagiza friji kutoka Nairobi asome kwanza karatasi anayotia sahihi huko, maana hasara ya friji mbovu itabaki kwake ikiwa ameshakubali kwamba mali hairudishwi.