Barua ya Kuitwa Kikao cha Nidhamu: Kosa, Haki na Saa

"Kutokana na mwenendo wako mbaya na wizi wa mali ya kampuni, unatakiwa kufika mbele ya kamati kesho saa 4:00 bila kukosa."

Tuseme barua hii imeandikiwa mtunza ghala wa duka la pembejeo mjini Kibwezi, Makueni, naye anatakiwa kufika ofisi kuu mjini Kitui. Huenda kweli mbolea imepotea. Hata hivyo, kwa sentensi hiyo moja mwajiri ameshajiwekea shimo njiani, kwa sababu kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu ya kufikiria kumwachisha kazi, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize utetezi na kuuzingatia. Mwaka 2019, katika kesi ya Shirika la Posta, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza mambo hayo hayo. Mwajiri anayeyaruka anaweza kushindwa kesi hata kama kosa lilitendeka, na fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Tuanze na tuhuma. "Mwenendo mbaya" haujibiki, kwa kuwa hautaji siku wala kitendo. "Wizi" nao ni hukumu iliyotangulia kikao. Mwandishi wa barua ajiulize kwanza: ushahidi nilio nao unaonyesha nini hasa? Ikiwa ni kadi ya ghala inayotofautiana na hesabu ya mifuko, basi kinachoonekana ni upungufu, na pengine uzembe wa kutunza kumbukumbu. Ukimwita mtu kwa wizi kisha ukamfuta kwa uzembe, umemhukumu kwa jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulijibu. Kwa hiyo sehemu hiyo tunaiandika upya hivi:

"Inadaiwa kwamba tarehe 30 Julai 2026, ghala la Kibwezi lilipohesabiwa, mifuko 18 ya mbolea ya kilo 50 iliyo kwenye kadi ya ghala haikupatikana, na kwamba hukuweka kumbukumbu ya ilikokwenda. Nakala ya kadi na ya karatasi ya hesabu zimeambatishwa. Kamati haijaamua lolote. Tuhuma hii ikithibitika, unaweza kuachishwa kazi."

Sasa anajua atafute stakabadhi gani na amuulize dereva yupi. Sentensi ya mwisho ni nzito kuisoma, lakini usiifiche: mtu anayedhani anaitwa kuonywa tu hajitetei kama mtu anayejua kwamba kazi yake imo hatarini.

Haki nazo ziandikwe waziwazi, si kwa kusema "haki zako zote zitazingatiwa":

"Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi unayemchagua mwenyewe. Unaweza kujieleza kwa mdomo au kwa maandishi, kuleta mashahidi na stakabadhi, na kutumia Kikamba au Kiswahili."

Mstari huo wa lugha una uzito Kitui na Makueni, ambako barua nyingi za kazi huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini ilhali anayepewa huongea Kikamba siku nzima. Mpe barua kwa lugha anayoisoma, umweleze kwa mdomo, na aliyemweleza aandike jina lake na tarehe. Juu ya mahali pa sahihi weka maneno haya: "Natia sahihi kuthibitisha kwamba nimeipokea, si kwamba nimekiri."

Imebaki tarehe. Kifungu cha 41 hakitaji idadi ya siku; angalia mkataba au makubaliano na chama, na vikinyamaza, toa muda unaotosha kujiandaa. "Kesho" haitoshi kwa mtu anayepaswa kupata stakabadhi na mwenzake wa kumsindikiza, kisha asafiri kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Tena "saa 4:00" ina mtego: kwa Kiswahili ni saa nne asubuhi, lakini aliyezoea saa ya Kiingereza ataisoma kama saa kumi jioni. Andika:

"Kikao kitafanyika Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2026, saa nne asubuhi (10:00), katika ofisi kuu, Kitui. Nauli yako na ya mwenzako italipwa na kampuni. Ukihitaji siku nyingine, tujulishe kwa maandishi, na sababu, kabla ya Jumatano tarehe 12."

Barua hii itolewe Alhamisi tarehe 6, ili abaki na wiki nzima ya kujiandaa.

Kabla ya kuituma, mpe karani asiyekijua kisa aisome mara moja, kisha akwambie bila kuitazama tena: mtu huyu anadaiwa kufanya nini, aje na nani, na afike siku gani saa ngapi. Akikwama kwenye swali lolote, sehemu hiyo iandike upya.