Ndoto Zisizo na Picha

Mwaka 2014 watafiti wa Denmaki walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 50 kwa wiki nne. 11 kati yao walizaliwa vipofu. Walipoamka, walieleza walichosikia, walichogusa na walichoogopa ndotoni.

Waliozaliwa vipofu hawakuripoti picha. Sauti, miguso, harufu na ladha zilijaa, huku hisia za moyoni zikilingana na za wanaoona.

Majinamizi ndiyo yaliwaandama zaidi: takriban ndoto 1 kati ya 4, dhidi ya 6 kwa 100 za wanaoona. Ni hofu za mchana hizo: kupotea njia, kugongwa na gari, kumpoteza mbwa mwongozaji.

Waliopofuka ukubwani, kwa upande wao, bado huona ndotoni, ingawa picha hupungua kadiri miaka inavyopita. Yaelekea ubongo huota kwa malighafi uliyowahi kupokea.