Mtafiti wa Selimundu wa Muhimbili Atunukiwa Tuzo ya Mwaka 2011

Daktari Julie Makani, aliyekuwa wakati huo mhadhiri na mtafiti katika Idara ya Hematolojia na Utoaji Damu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ndiye mshindi wa mwaka 2011 wa tuzo iliyokuwa ikitolewa na Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza kwa ufadhili wa kampuni ya Pfizer. Tuzo hiyo ilikuwa ikipewa mwanasayansi wa Afrika aliye katika miaka ya mwanzo ya kazi yake ya utafiti. Mshindi alipokea paundi 60,000 za kugharimia mradi wa utafiti, na paundi 5,000 ambazo zilikuwa zake mwenyewe.

Kazi iliyomletea heshima hii inahusu ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Wakati huo ilikadiriwa kwamba kila mwaka walizaliwa nchini Tanzania watoto kati ya 8,000 na 11,000 wenye ugonjwa huu. Wazazi wengi hawajui kwamba wao wenyewe wamebeba chembe ya urithi ya selimundu, kwa kuwa aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Huugua yule aliyeirithi kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama.

Daktari Makani si mgeni Muhimbili. Hapo ndipo aliposomea udaktari na kuhitimu mwaka 1994, kisha akaenda Uingereza kwa masomo ya juu ya tiba katika Hospitali ya Hammersmith, London, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa taasisi ya Wellcome Trust ili achunguze selimundu nchini kwake. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza waliandikishwa katika mpango wa ufuatiliaji katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kufikia mwaka 2011 wagonjwa waliokwisha kuandikishwa walizidi 2,000, idadi ambayo ni vituo vichache duniani vilivyoweza kuifikia.

Neno «kuandikishwa» laweza kuonekana dogo, lakini ndilo msingi wa yote yaliyofuata. Mgonjwa anapoandikishwa, ugonjwa wake huthibitishwa kwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, kwa maana kipimo chepesi cha kuangalia kama chembe za damu hujipinda hakiwezi kumtofautisha mgonjwa na mbebaji wa urithi mwenye afya njema. Kisha mgonjwa hurudi kliniki kwa tarehe zilizopangwa hata kama haumwi, naye hupimwa uzito, kiwango cha damu na ukubwa wa wengu. Vipimo vilivyochukuliwa siku ya uzima ndivyo huitwa vipimo vya hali tulivu.

Faida ya vipimo hivyo huonekana siku mtoto anapougua. Mfano ni mtoto wa miaka mitatu mwenye selimundu, ambaye himoglobini yake katika hali tulivu ni gramu 7.4 kwa desilita, na wengu wake haupapasiki. Analetwa akiwa mnyonge, amepauka, na analalamika tumbo. Himoglobini yake sasa ni gramu 5.1. Mhudumu asiye na kumbukumbu yoyote angeweza kusema kwamba watoto wa selimundu siku zote wana damu pungufu, akampa dawa na kumrudisha nyumbani. Mhudumu mwenye kadi ya mtoto mkononi anaona jambo jingine: damu imeshuka kwa gramu 2.3, na wengu ambao jana haukupapasika leo umetokeza chini ya mbavu za kushoto. Damu inakwama ndani ya wengu. Kushuka kwa gramu 2 au zaidi chini ya kiwango cha kawaida cha mtoto huyo, pamoja na wengu kuvimba ghafla, ni dharura. Hulazimu kumwongezea damu upesi, kidogo kidogo na kwa uangalifu, kwa sababu wengu unapolegea huirudisha damu iliyokuwa imenasa, na himoglobini ikapanda kupita ilivyotarajiwa. Ndiyo maana akina mama kliniki hufundishwa kupapasa tumbo la mtoto akiwa mzima, ili mikono yao itambue mara moja siku wengu unapobadilika.

Ufuatiliaji wa aina hii ndio uliowezesha kujibu swali ambalo Afrika ilikuwa haina jibu lake la uhakika: wagonjwa wa selimundu hufariki kwa kiasi gani, na katika umri upi? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalitokana na wagonjwa 1,725 walioandikishwa Muhimbili kati ya mwaka 2004 na 2009. Katika muda huo 86 kati yao walifariki. Wakihesabiwa wote pamoja, vifo vilikuwa karibu 2 kwa kila wagonjwa 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, hata hivyo, vilizidi 7 kwa kila 100. Waliokuwa na himoglobini ya chini ya gramu 5, na wale ambao umanjano wa damu yao ulikuwa juu sana, ndio waliokuwa katika hatari zaidi.

Takwimu hizo zina mpaka wake, na watafiti wenyewe hawaufichi. Mtoto aliyefikishwa kliniki ni mtoto aliyeishi muda wa kutosha hadi ugonjwa wake ukatambuliwa. Aliyefariki kwa homa akiwa na miezi minane, kabla mtu yeyote hajashuku selimundu, hamo katika hesabu. Tena wagonjwa 209 walipotea katika ufuatiliaji, na haijulikani wote walipatwa na nini. Kwa hiyo vifo halisi vya watoto wadogo huenda ni vingi kuliko vilivyoandikwa. Funzo lake kwa mhudumu wa afya ni la wazi: hatari kubwa iko mwanzoni mwa maisha, na hapo ndipo kinga dhidi ya maambukizi, chanjo, na matibabu ya haraka ya homa yanapookoa zaidi.

Sehemu ya pili ya kazi ya Daktari Makani inatokana na jambo ambalo kila muuguzi wa kliniki ya selimundu ameliona. Watoto wawili wana ugonjwa uleule, wamepimwa kwa mashine ileile, wala hawatofautiani kwa umri. Mmoja hulazwa mara nne kwa mwaka kwa maumivu ya mifupa na kuishiwa damu; mwingine huenda shule na kufika kliniki kwa miadi tu. Tofauti hiyo yatoka wapi?

Sehemu ya jibu imo katika himoglobini F, ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni mwa mama. Kasoro ya selimundu iko katika mnyororo wa himoglobini uitwao beta, mahali pamoja tu, ambapo kiungo kiitwacho asidi ya glutamiki kimebadilishwa na kingine kiitwacho valini. Badiliko hilo dogo huzifanya molekuli za himoglobini zishikamane na kuwa kama nyuzi ngumu pale oksijeni inapopungua. Chembe ya damu hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na huvunjika mapema. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu.

Himoglobini F haina mnyororo wa beta. Kwa hiyo haina kasoro hiyo, na ikichanganyika na himoglobini ya ugonjwa huvuruga ule mshikamano wa nyuzi. Hii ndiyo sababu mtoto mchanga mwenye selimundu huonekana mzima: bado amejaa himoglobini ya tumboni. Dalili huanza kujitokeza anapofikia miezi sita au zaidi, kiasi cha himoglobini F kinapokuwa kimeshuka. Lakini kwa baadhi ya watu haishuki sana, na hao kwa kawaida ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi.

Kikundi cha Muhimbili, kikishirikiana na wenzao wa Uingereza, kimechunguza urithi wa wagonjwa wa Tanzania ili kujua ni nini kinachoamua kiasi cha himoglobini F kwa kila mmoja. Mojawapo ya sehemu za urithi zilizothibitika kuhusika ni jeni iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake ni kuizima himoglobini F baada ya kuzaliwa. Wanaorithi aina fulani ya jeni hiyo huzimiwa kwa kiasi kidogo, na hivyo hubaki na himoglobini F nyingi kuliko wenzao. Fedha za tuzo zilikusudiwa kuendeleza njia hiyo ya uchunguzi.

Ni vema kueleza pia kile ambacho tuzo hii haikuleta. Haikuleta dawa mpya, wala mgonjwa asije kliniki akidhani kwamba kuna kipimo cha jeni kitakachobadilisha matibabu yake leo. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini F, inajulikana na kufanya kazi, lakini inahitaji upimaji wa damu wa mara kwa mara kwa sababu yaweza kupunguza chembe nyeupe, na mwaka 2011 wagonjwa wengi nchini walikuwa hawaipati. Kujua jinsi mwili unavyoizima himoglobini F ni hatua ya kuelekea tiba bora zaidi. Si tiba yenyewe.

Jina moja limeandikwa katika cheti, lakini majalada zaidi ya 2,000 hayajazwi na mtu mmoja. Kuna wauguzi waliopima uzito na kupapasa wengu, mafundi wa maabara waliochambua sampuli, makarani waliowapigia simu waliokosa miadi, na madaktari wa zamu waliowapokea watoto usiku. Kuna pia wazazi waliopanda daladala na watoto wasioumwa, siku za kazi, kwa sababu waliambiwa kwamba kipimo cha siku ya uzima kina thamani. Bila wao pasingekuwa na hali tulivu ya kulinganishia.

Chuo kinampongeza Daktari Makani na wenzake wote. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu anaombwa akumbuke mambo matatu: kiwango cha damu cha mtoto wake katika hali tulivu, ukubwa wa wengu wake akiwa mzima, na kwamba joto la nyuzi 38.5 au zaidi si la kusubiri hadi asubuhi.