Modeli ipi ya kutafsiri kwa Kiswahili chetu?

Tuchukue mfano wa chama cha akina mama katika komini ya Katuba, kinachotaka kutafsiri vikaratasi vya afya kutoka Kifaransa: kuchemsha maji, chanjo, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kina kompyuta moja ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, isiyo na kadi ya michoro, na umeme hukatika. Modeli itakayochaguliwa lazima ipakuliwe mara moja, kisha ifanye kazi bila intaneti.

Wengi huanza na ukubwa. Sisi wa kitivo cha lugha tuna sababu ya kuanza na lugha yenyewe, kwa sababu jina “Kiswahili” katika orodha ya modeli linaficha mengi. Katika mfumo wa ISO 639-3, Kiswahili sanifu ni `swh`, na Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, `swc`. NLLB-200, iliyotolewa na Meta mwaka 2022, ina lugha 200. Kichiluba cha Kasai, Kibemba na Kilingala vimo, lakini Kiswahili chake ni `swh` peke yake. Mama wa Katuba anayesema “batoto” na “mayi” atasoma “watoto” na “maji”. Ataelewa, ila kikaratasi kitamsemesha kama mwalimu wa darasani.

Chuo Kikuu cha Helsinki kimetoa modeli ndogo za OPUS-MT, kila moja kwa jozi moja ya lugha, na mojawapo ni `opus-mt-fr-swc`. Hapo ndipo mtu hufurahi mapema. Modeli za kundi hili zimefunzwa kwa sehemu kubwa kwa JW300, mkusanyiko wa maandishi ya Mashahidi wa Yehova. Ni Kiswahili cha Kongo kilichoandikwa kwa uangalifu, wala si cha sokoni, na msamiati wake ni wa mahubiri kuliko wa zahanati. Msimbo unaonyesha maandishi yametoka wapi, hauthibitishi kwamba modeli inasema kama sisi.

Leseni ndiyo inayofuata. NLLB-200 iko chini ya CC BY-NC 4.0, yaani imekatazwa kwa biashara. Chama kikigawa vikaratasi bure, hakuna shida. Kikianza kulipwa na duka la dawa ili kulitafsiria matangazo, kimevuka mpaka, hata kama modeli imefunzwa upya kwa sentensi za chama chenyewe. OPUS-MT huonyesha Apache 2.0 kwenye ukurasa wake, nayo MADLAD-400 ya Google (2023) vilevile. Leseni hiyo inaruhusu biashara. Hata hivyo, leseni ya modeli haisemi lolote kuhusu haki za maandishi iliyofunzwa nayo, na JW300 yenyewe iliondolewa OPUS kwa sababu ya masharti ya wenye maandishi.

Ukubwa ni hesabu rahisi. Kila parameta hukaa katika baiti 4, au baiti 1 ikibanwa kuwa `int8`. NLLB ndogo ina parameta milioni 600, basi ni gigabaiti 2.4, au 0.6 ikibanwa. MADLAD ndogo ina bilioni 3: gigabaiti 12 haziingii kwenye kompyuta ya Katuba, lakini 3 zinaingia, japo polepole. OPUS-MT ni kama megabaiti 300 kabla ya kubanwa. Kubana ni amri moja ya CTranslate2:

```
ct2-transformers-converter --model Helsinki-NLP/opus-mt-fr-swc --output_dir fr-swc --quantization int8
```

Kubana kunaweza kupunguza ubora kidogo, kwa hiyo jaribio lifanywe na modeli iliyokwisha kubanwa, ile ile itakayotumika.

Jaribio lenyewe ni sentensi 50 kutoka vikaratasi halisi. Tia humo zile za hatari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Modeli ikiangusha “nusu”, chumvi imekuwa maradufu, na sentensi bado inasomeka vizuri. Angalia pia ukanushi, na maneno yanayojirudia mwishoni mwa sentensi ndefu. Usijipime kwa kuirudisha tafsiri kwenye Kifaransa kwa mashine: kosa la mashine ya kwanza laweza kusawazishwa na ya pili, wala hutaliona. Mpe msomaji wa Katuba asome kwa sauti, aeleze atakachofanya na kijiko.

Mimi ningeanza na OPUS-MT kama mwandishi wa rasimu, kwa kuwa ni nyepesi na leseni yake haifungi mlango. Kila sahihisho la akina mama lihifadhiwe pamoja na sentensi yake ya Kifaransa, katika faili la safu mbili, kwa ridhaa yao. Jozi elfu chache za namna hiyo zinatosha kujaribu kuifunza modeli upya, zikiwa na “mayi” yake. Kwa vikaratasi vyenye vipimo vya dawa, rasimu ya mashine isitumike kabisa.