Aliye Juu Si Aliyetangulia

Ukiweka stori Instagram asubuhi, kisha jioni ukatelezesha kidole kwenda juu kuona ni nani wameitazama, utakutana na orodha ndefu ya majina. Wengi huisoma kama daftari la wageni: aliye juu kabisa ndiye aliyepita sasa hivi, na aliye chini ndiye aliyetangulia. Wengine huamini kwamba anayekaa juu kila siku ndiye anayewafuatilia kuliko wote. Kwa imani hizo mbili watu wamegombana na wenza wao, na wengine wamejipa matumaini kwa mtu ambaye hata hakukusudia kuifungua stori yenyewe.

Orodha ile si daftari la wageni. Haipangwi kwa saa, na wala haipangwi kwa wingi wa mara ambazo mtu ametazama. Jina huandikwa mara moja tu, hata kama mwenyewe amerudia mara kumi.

Kinachotuchanganya ni WhatsApp. Huko, ukifungua orodha ya walioona status yako, kila jina lina saa yake pembeni, kwa hiyo unajua shangazi ameiona saa tatu usiku na jirani ameiona alfajiri. Mtu aliyezoea hivyo anapohamia Instagram huhisi kwamba saa zipo, ila zimefichwa, na kwamba mfuatano wa majina ndiyo njia ya kuzigundua. Tazama tena: Instagram haiweki saa kwenye orodha ile. Kama lengo lingekuwa kukuonyesha nani alitangulia, kuandika saa kungekuwa kazi ndogo mno. Orodha ile ina lengo jingine.

Stori zilipoanza Instagram, Agosti 2016, kampuni ilikuwa imeshaachana na kupanga mambo kwa saa. Machi mwaka huohuo ilitangaza kwamba picha za ukurasa wa mwanzo hazitafuatana tena kwa muda zilipowekwa, bali kwa kadiri zinavyotarajiwa kumvutia anayezitazama. Sababu yake ni rahisi. Mtu anayefuata akaunti mia tano hawezi kuona kila kitu, na mambo yakipangwa kwa saa, picha ya harusi ya dada yake itafunikwa na matangazo ya maduka. Watazamaji wa stori nao ni hivyohivyo. Stori ikitazamwa na watu mia mbili, wewe utayasoma majina kumi au ishirini ya juu kisha utafunga. Kwa hiyo mtambo huchagua majina ambayo unadhaniwa utataka kuyaona, na kuyatanguliza.

Kazi hiyo inafanyika kwa hatua mbili. Kwanza, kila mtu anapofungua stori yako, seva inaweka alama kwamba akaunti fulani imeitazama. Pili, wewe unapoifungua orodha, seva inayachukua majina yote yaliyokwisha kuwekewa alama, inalipa kila moja alama ya ukaribu na wewe, kisha inayapanga kuanzia kubwa hadi ndogo. Mpangilio unafanyika unapotazama, si mtazamaji anapoingia. Ndiyo maana ukiifungua orodha saa nne na kuifungua tena saa nane, majina ya zamani huweza kuwa yamehama, na majina mapya yameingia katikati.

Tuchukue mfano wa dada anayeuza mitandio Kariakoo. Ameweka picha ya mzigo mpya saa moja asubuhi. Nusu saa baadaye wametazama watu kumi na wawili, na orodha yake inafanana kabisa na mfuatano wa muda. Anaridhika kwamba hivyo ndivyo inavyokwenda. Saa saba mchana watazamaji wamefika mia moja na tisini, na sasa mambo yamegeuka. Juu kabisa yupo mteja wa Mbagala aliyebonyeza alama ya moyo, kwa sababu waliopenda stori hutangulizwa mbele ya wengine. Anayefuata ni mdogo wake aliyeko Tanga, ambaye aliitazama mapema kuliko wote, saa moja na dakika tano. Aliyesoma naye sekondari, aliyeitazama dakika chache tu zilizopita, yuko karibu na mwisho. Hawajaandikiana kwa miaka.

Jina la tatu ndilo linalomshtua. Ni mwenye duka la mitandio mtaa wa pili, mshindani wake. Jana alikuwa juu, juzi pia. Dada anahitimisha kwamba mwenzake anampeleleza, anaiba bei na mitindo yake.

Lakini ni nani hasa anayemtazama mwenzake? Kila jioni, baada ya kufunga duka, dada huyu huandika jina la mshindani wake kwenye sehemu ya kutafuta, hufungua ukurasa wake, hutazama picha moja moja na kulinganisha bei. Hajawahi kubonyeza moyo wala kuacha maoni, kwa hiyo anadhani hakuna kilichorekodiwa. Kwa mtambo, kutafuta jina na kufungua ukurasa ni dalili nzito: akaunti hii inamhusu. Mshindani anapopita kwenye stori hata mara moja, jina lake linapanda kwa sababu ya yale aliyoyafanya dada mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Ukaribu unaopimwa na mitandao hii una mwelekeo. Mwaka 2010 wahandisi wa Facebook walieleza hadharani mfumo wao wa wakati ule, EdgeRank, uliotumia mambo matatu: ukaribu wa watu wawili, uzito wa kitendo, na umri wa habari yenyewe. Ukaribu huo haukuwa sawa pande zote mbili. Mimi nikikutembelea kila siku, wewe ndiye uliyepanda kwenye ukurasa wangu. Mimi sikupanda kwenye wako. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012. Ilipofika 2018, Julian Gutman, mmoja wa viongozi wa bidhaa wa Instagram, aliulizwa kuhusu orodha ya watazamaji wa stori. Jibu lake lilikuwa kwamba walio juu si wale wanaokufuatilia sana, bali orodha inatokana na shughuli zako wewe na watu ulio karibu nao.

Maana yake ni kwamba orodha ile inakueleza wewe kuliko inavyomweleza mtazamaji. Inaonyesha ni kina nani unaowaandikia, unaowapenda picha zao, unaowajibu stori zao na unaofungua kurasa zao. Mazungumzo ya pande mbili yana nafasi yake, ndiyo maana rafiki mnayeandikiana kila siku hukaa juu. Lakini mtu asiyekufikiria kabisa anaweza kukaa juu wiki nzima kwa sababu wewe unamfikiria.

Basi mbona stori yenye watazamaji wachache huonekana kufuata muda? Watumiaji wengi wameligundua hilo, na baadhi yao hutaja watu 50 kuwa ndiyo mpaka, ingawa kampuni haijauthibitisha. Kwa vyovyote vile, majina yakiwa machache hakuna haja kubwa ya kuchagua, kwa sababu utayaona yote bila kushuka mbali. Shida ni kwamba mtu hujifunza sheria akiwa na watazamaji kumi na wawili, kisha huitumia ileile akiwa na mia moja na tisini.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho yako, weka stori na upige picha ya skrini ya orodha baada ya nusu saa. Piga nyingine baada ya saa tatu, na nyingine usiku. Zilinganishe. Kama orodha ingefuata muda, majina mapya yote yangekuwa juu na ya zamani yangebaki chini yake kwa mfuatano uleule. Utaona mapya yamejipenyeza kati ya ya zamani, na ya zamani yamebadilishana nafasi.

Yapo mambo ambayo orodha hiyo inaweza kukuambia kwa uhakika. Jina likiwepo, stori yako ilifunguka kwenye akaunti hiyo. Lakini hata hapo kuna tahadhari. Stori hucheza moja baada ya nyingine: mtu akimaliza kutazama ya rafiki yake, yako huanza yenyewe kabla hajaiondoa, na hilo linahesabiwa kuwa ametazama. Kwa hiyo kuwepo kwa jina si ushahidi kwamba mtu alikutafuta. Na jina lisipokuwepo, kwa kawaida akaunti hiyo haikuitazama, ingawa mwenyewe huenda aliitazama kwa akaunti nyingine.

Kiu ya kujua zaidi ya hapo ndiyo inayowaponza watu. Kwa miaka mingi ulienea uvumi kwamba ukichungulia msimbo wa ukurasa wa Facebook na kutafuta neno `InitialChatFriendsList`, namba zinazofuata ni za watu wanaotembelea profaili yako zaidi. Zilikuwa namba za akaunti za marafiki waliopangwa kwa ajili ya sehemu ya gumzo, kwa kanuni ileile ya ukaribu. Facebook yenyewe imeandika wazi kwenye kurasa zake za msaada kwamba hairuhusu mtu kujua nani ametazama profaili yake, na kwamba programu za watu wengine haziwezi kufanya hivyo. Hata hivyo programu zinazoahidi kukuonyesha nani anakuchungulia Instagram hazikauki. Zinakuomba jina la akaunti na nywila, kisha zinakuletea majina ya wafuasi wako yaliyochanganywa tu. Taarifa zinazodai kuwa nazo hazitolewi kwa yeyote nje ya kampuni, lakini nywila uliyowapa ni ya kweli, na kwayo akaunti inaweza kuchukuliwa siku hiyohiyo.

Kwa mfanyabiashara, ushauri ni huu: usimpime mteja kwa nafasi yake kwenye orodha. Aliye namba mia moja na themanini anaweza kuwa ndiye aliyefungua wa kwanza akiwa na pesa mkononi, ila wewe hujawahi kumwandikia. Mteja anajulikana kwa ujumbe, swali la bei au oda. Na kwa aliyekasirika kwa sababu ya jina alilolikuta juu kwenye simu ya mwenza wake, ajue kwamba orodha haisemi mwenye jina hilo alitazama lini, wala mara ngapi, wala kwa nia gani. Kama kuna jambo linalomsumbua, amuulize mwenza wake. Orodha hiyo haiwezi kumjibu.