Ankara ya Desemba, Fedha ya Agosti: Kodi ni ya Mwaka Gani?

Mbunifu majengo mmoja wa Dodoma, ambaye hapa ni wa mfano tu, anakamilisha michoro ya jengo la ghorofa tatu mapema Desemba 2024. Anamkabidhi mteja michoro pamoja na ankara ya shilingi milioni 30. Mteja anaipokea na kuikubali, lakini fedha haitoi hadi Agosti 2025. Kazi ni ya mwaka mmoja, fedha imeingia mwaka mwingine. Je, mapato hayo yatatozwa kodi mwaka upi?

Jibu linategemea namna anavyotunza hesabu zake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inatambua njia mbili. Ya kwanza ni ya fedha taslimu: mapato huhesabiwa siku malipo yanapopokelewa, na gharama huhesabiwa siku zinapolipwa. Ya pili ni ya malimbikizo: mapato huhesabiwa pale mtu anapopata haki ya kulipwa, hata kama tarehe ya kulipwa imesogezwa mbele au malipo ni ya mafungu.

Si kila mtu ana hiari ya kuchagua. Kampuni hulazimika kutumia malimbikizo. Mshahara wa mwajiriwa, kwa upande mwingine, huhesabiwa kwa fedha taslimu. Hiari ipo kwa mtu binafsi mwenye biashara anayetozwa kodi kwa faida iliyomo katika hesabu zake, na mbunifu wetu ni mmoja wao.

Ili kuikamilisha ile kazi, alimtumia mpima ardhi aliyemdai shilingi milioni 6, naye pia alilipwa Agosti 2025. Faida halisi ya kazi ni milioni 24. Tuseme kazi zake nyingine zinamwachia faida ya milioni 40 kila mwaka, na tuiache pembeni kodi ya zuio.

Kwa malimbikizo, faida yake ya 2024 ni milioni 64, na ya 2025 ni milioni 40. Kwa fedha taslimu, mambo yanageuka: 2024 inabaki na milioni 40, na 2025 inabeba milioni 64. Kwa kuwa mapato ya mkazi yanayozidi milioni 12 kwa mwaka hutozwa asilimia 30, kinachohama ni kodi ya shilingi milioni 7.2. Jumla ya miaka miwili ni ileile, shilingi 27,072,000.

Hata hivyo, muda una uzito wake. Ritani ya 2024 hutakiwa ifikapo Juni 30, 2025, pamoja na kodi iliyobaki. Anayetumia malimbikizo atazitafuta hizo milioni 7.2 kabla mteja hajamlipa hata senti. Anayetumia fedha taslimu ataziingiza katika makadirio ya 2025 baada ya kupokea malipo, yaani katika awamu za Septemba na Desemba.

Wakati mwingine hata jumla ya kodi hubadilika. Tuseme mwaka 2025 mbunifu hakupata kazi nyingine yoyote. Kwa malimbikizo, milioni 24 zingekaa juu ya milioni 40 za 2024 na kutozwa zote kwa asilimia 30. Kwa fedha taslimu zingeangukia mwaka ambao viwango vya chini bado havijatumika, na kodi yake ingekuwa shilingi 5,136,000. Unafuu ni shilingi 2,064,000.

Fedha taslimu nayo ina makali yake. Mteja akilipa Desemba kwa kazi itakayofanywa Februari, mapato ni ya Desemba. Mteja akilipa kwa kiwanja au gari, hayo nayo ni malipo. Na mteja asipolipa kabisa, wa fedha taslimu hakuwahi kutozwa, ilhali wa malimbikizo ameshatozwa. Atalifuta deni hilo katika hesabu zake baada tu ya kuchukua hatua zote za msingi za kulidai na kuona kweli halilipiki.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuchanganya njia hizi: ankara inaingizwa 2024, kisha muamala wa benki wa Agosti unaingizwa tena 2025. Mapato hayohayo yanatozwa mara mbili. Dawa yake ni kuweka bayana orodha ya ankara ambazo hazijalipwa hadi Desemba 31, na kuilinganisha na fedha zilizoingia mwaka unaofuata.

Anayetaka kubadili njia huomba kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA na kusubiri kibali. Mwaka wa mabadiliko hesabu hurekebishwa ili pasiwe na shilingi iliyoachwa wala iliyohesabiwa mara mbili. Kabla hujaomba, keti na mhasibu wako mpitie orodha hiyo ya Desemba. Ndiyo itakayoonyesha ni kiasi gani cha kodi kitahama na kitadaiwa lini.